Siku Mwanangu Alipovusha Dola Murongo

Mwanangu alikuwa bado hajaota jino alipobebeshwa dola elfu tano chini ya makalio yake. Hakuulizwa. Na mimi mama yake sikuulizwa. Habari hii nimeshaisimulia jikoni kwa watu wengi, wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao, ila ijulikane kwamba nacheka huku nimekasirika. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi. Aliyewahi kuishi kibanja kimoja na mama mkwe wake hahitaji maelezo.

Kibanja chetu ni migomba, mibuni chini yake, na nyumba mbili zinazotazamana kama watu wawili wanaodaiana. Nyumba kubwa ni ya mama mkwe. Ndogo ni yetu. Nikipika, anajua nimepika nini kabla sijafunua sufuria. Mtoto akilia, anafika mlangoni kabla sijamnyanyua. Nilimwambia mume wangu nataka kuhama. Akasema, "Ongea na mama." Mwanamume mzima, ana ndevu.

Basi nikatafuta kiwanja mwenyewe. Nilikipata Rubwera, nyuma ya maduka, mwendo mfupi tu kutoka ofisi za wilaya, mahali ambapo bodaboda zinapita na mtu anaweza kufungua kibanda cha chipsi akaishi. Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Binti, Ijumaa. Ijumaa ikipita nampa yule mtumishi wa halmashauri, ana fedha mkononi." Mimi fedha sikuwa nazo mkononi. Zangu zilikuwa kwenye maharage.

Maharage tuliyakusanya mimi na mama mkwe. Yaani mimi niliyakusanya. Nilizunguka Bweranyange na Kanoni juu ya bodaboda, mtoto mgongoni, mizani mapajani, nikiwabembeleza wakulima watupe mzigo na kusubiri malipo. Mama mkwe kazi yake ilikuwa leseni. Ana leseni ya biashara tangu mume wangu akiwa shule ya msingi, na vibali vyote vya kupeleka maharage Uganda vilitoka kwa jina lake. Tulikubaliana kwamba wakulima wakishalipwa, faida tunagawana sawa. Nusu yangu ndiyo kilikuwa kiwanja.

"Kiwanja cha nini?" aliniuliza nilipomwambia. "Ardhi yote hii hapa huioni? Unataka ukakae na wageni, ununue hata ndizi?"

"Ndiyo, mama. Nitanunua hata ndizi."

"Subiri msimu ujao."

Msimu ujao. Mwenye kushika fedha ndiye mwenye kusema subiri.

Mzigo ulivuka mpaka wa Murongo vizuri, ukapimwa, ukagongwa mihuri, ukafika Mbarara. Mnunuzi alikuwa anapeleka maharage Sudan Kusini, ndiyo maana hulipa kwa dola. Sisi wawili na mtoto tukamfuata na hati zetu za kusafiria za muda, tukalala kwa ndugu, asubuhi tukaingia stoo kwake. Akatulipa noti mpya, za mia mia, zinazonuka karatasi: dola elfu kumi na tano. Na risiti moja, kwa jina la mama mkwe. Nilizitazama zile noti nikaona zimejaa kiganja tu. Miezi yote ile ya vumbi, wakulima wote wale, na mizani yangu, vimejaa kiganja!

Nikasema, "Mama, tumwombe azitume benki."

"Benki ikifunga?"

"Benki haitafunga leo."

"Hujui wewe."

"Basi tutazitangaza mpakani. Siku mzigo ulipovuka nilisoma tangazo ukutani. Kuanzia dola elfu kumi unawaambia watu wa forodha."

Hapo akanitazama kama nimetukana. Akanivuta pembeni, nyuma ya magunia, akashusha sauti. "Sikiliza, mukamwana." Ndivyo anavyoniita akitaka nikumbuke mimi ni mke wa mwanawe, basi. "Yule mama wa kwaya anayeleta vitenge ameniambia. Mwisho ni elfu kumi. Ukizidisha, zinazozidi ni za serikali. Wanakata kama unavyokata mkungu uliozidi kwenye baiskeli."

"Tangazo halikusema wanakata. Limesema utangaze."

"Ukitangaza ndiyo wanajua. Wakijua ndiyo wanakata. Umesoma mpaka kidato cha nne, jambo dogo hili linakushinda?"

Nikamhamishia mtoto ziwa la pili. Nilikuwa nimeanza kupandisha hasira, na mtoto alikuwa ananyonya. Nikikasirika maziwa yanakataa. Nikasema moyoni, tukifika mpakani nitazungumza nitakavyo.

Kisha akageuka mpole. Ilitakiwa nishtuke hapo. Akasema, "Mwanangu, umechoka. Nenda kanywe chai kule mbele, upate maziwa. Mimi nitambadilisha mtoto nepi." Mama mkwe wangu akikuonea huruma, hesabu vidole vyako. Lakini nilikuwa na njaa, na chai ya pale ina maziwa mengi. Nilikwenda. Niliporudi, mtoto alikuwa ameshafungwa, ametulia, amenenepa kidogo. Mama mkwe akanifunga mbeleko yeye mwenyewe, akakaza fundo, akanipa na kopo la senene wa kukaanga aliowanunua sokoni. "Bebea shemeji zako," akasema. "Usilifungue njiani, wataingiwa na unyevu."

Msimu wa senene, panzi watamu wa kwetu, ulikuwa umepamba moto. Gari lote lilinuka senene. Kila abiria alikuwa na kopo lake, kwa hiyo langu halikunishangaza.

Njia nzima mama mkwe aliimba. Huyu ni mtu ambaye kwenye gari huwa anasali rozari na kumwambia dereva apunguze mwendo. Siku hiyo aliimba nyimbo za harusi, akapiga makofi, akamfundisha dereva kiitikio. Abiria wakaitikia. Mtoto akaitikia kwa namna yake mgongoni kwangu, nikahisi joto linashuka kiunoni. Amekojoa. Si mara ya kwanza. Mama mkwe aliponiona najishika mgongo, wimbo ukamkatikia kooni.

"Amefanyaje?"

"Amekojoa."

"Sana?"

"Mama, kuna kukojoa kidogo?"

"Mawe!" akasema, yaani mama yangu wee, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikadhani anamhurumia mtoto. Kila nilipotaka kusimamisha gari nimbadilishe, alikataa: hapana, tukifika, tukifika, huku jua kali, huku vumbi. Tukashuka Kikagati, upande wa Uganda, kabla ya daraja la mto Kagera, mgongo wangu umelowa chapachapa.

Ofisi ya forodha ilikuwa na watu wachache. Afisa alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi vizuri. Kiswahili chake alikiokota barabarani, kikimwishia anaingia Kinyankole, na sisi Wanyambo tunamfuata huko bila kupotea. Akapokea hati zetu. Akauliza anachomuuliza kila mtu:

"Mnatoka na fedha taslimu zinazozidi milioni thelathini za Uganda, au dola za thamani hiyo?"

Milioni thelathini! Nikapiga hesabu. Ni kama dola elfu nane, labda na kidogo. Kumbe kila upande wa mto una kiwango chake, na cha huku ni kidogo kuliko cha kwetu. Mama wa kwaya hakuwa anajua kiwango cha upande wowote.

"Sisi, ssebo," mama mkwe akaanza kwa sauti ya kanisani, akimwita bwana kwa lugha ya kwao, "ni wamama tu. Tunatoka kusalimia. Huyu ni mke wa mwanangu, na huyu mjukuu wangu, kila mmoja ana kidogo chake cha..."

*Kila mmoja.* Nikageuka kumtazama. Alikuwa anatazama dari. Nikapeleka mkono nyuma, chini ya mtoto, kati ya nepi na mbeleko, nikapapasa. Kulikuwa na kitu kigumu, bapa, kimelowa. Nikakiminya. Kikaminyika kama pochi.

Sijui wengine wakikasirika wanaona nini. Mimi niliona kiwanja changu chote kinaelea kwenye mkojo.

Nikajua nikinyamaza tutapita. Kijana alikuwa ameshanyanyua muhuri. Mukamwana mwema hamkatizi mama mkwe wake mbele ya watu, nilifundishwa hivyo na mama yangu aliyenizaa, na yeye alifundishwa na wake. Lakini nilijua pia kwamba wakituita pembeni wakatupekua na kukuta, si zile zinazozidi zitakazoshikwa, zitashikwa zote, na za wakulima wa Bweranyange humo humo. Ningemtazama nani usoni?

"Tunazo!" nikasema. Nilisema kwa nguvu mpaka mtoto akaruka. "Dola elfu kumi na tano. Ni za maharage. Tumekuja kuzitangaza."

Muhuri ukabaki hewani. Mama mkwe akaniambia kwa Kinyambo neno ambalo siwezi kuliandika. Yule kijana alilielewa, kwa sababu lugha zetu ni ndugu, akakohoa kuficha kicheko.

"Nyabo," yaani bibi, akamwambia mama mkwe, "ni kweli?"

"Kila mtu ana elfu tano!" mama mkwe akalipuka. "Mimi elfu tano, huyu elfu tano, mtoto elfu tano! Hakuna aliyezidisha! Au mtoto si msafiri? Mmemwandika kwenye hati au hamkumwandika?"

Kijana akatazama hati. Mtoto alikuwa ameandikwa. Akamtazama mtoto, mtoto akamchekea, hana jino.

"Biashara ya maharage ni ya mtoto?"

"Ya familia."

"Risiti ina jina la nani?"

Mama mkwe akaivutia pochi yake kifuani.

"Mama," akasema taratibu, "ukigawanya fedha moja ili usitangaze, hilo ndilo kosa. Kubeba si kosa. Ungekuja na milioni mia ningekuandikia karatasi, nikakusindikiza mpaka mlangoni. Hicho si kiwango cha mwisho cha kubeba. Ni kiwango cha mwisho cha kunyamaza."

"Na mnakata kiasi gani?"

"Hatukati."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kutangaza ni bure."

Nimeishi na yule mama miaka mitatu na sijawahi kumwona akishindwa. Akakaa kwenye benchi. Nilipaswa kumhurumia. Sikumhurumia. Nilitamani nimpigie vigelegele afisa.

"Basi nipeni nizihesabu," kijana akasema. "Nitakachoandika lazima kilingane na kilichopo mezani."

Nikamshusha mtoto. Nikafungua mbeleko, nikatoa kile kifurushi, na harufu ikatoka nacho. Noti hamsini, zimefungwa kwenye kipande cha kanga, kanga imelowa, noti zimelowa, zimegandana kama maandazi ya jana.

Nikamuuliza, "Mama! Hata mfuko wa nailoni?"

"Mfuko wa nailoni!" akashtuka kwelikweli. "Mifuko ya rambo imepigwa marufuku Tanzania! Unataka nikamatwe mpakani?"

Naapa hivyo ndivyo alivyosema. Kijana akageukia ukutani. Mabega yakawa yanamtikisika. Mwenzake wa dawati la pili, mama mtu mzima aliyekuwa hajasema neno, akalaza kichwa juu ya mafaili yake akalia kwa kicheko. Na mimi, niliyekuwa nimepanga kutoongea na mama mkwe mpaka Pasaka, nikasikia kicheko kinanipanda kutoka miguuni. Nilikibana. Kikatokea puani.

Noti zilizogandana hazihesabiki. Yule mama mtu mzima akatuletea kanga yake kavu, tukaitandika kwenye baraza, juani, na tukaanza kubandua noti moja moja. Upepo wa mtoni ulikuwa unatuchokoza, kwa hiyo tuliziwekea kokoto. Nani mwenye kokoto za kutosha noti hamsini? Watu wa foleni wakajitolea. Mmoja alileta vifuniko vya soda. Dereva wa lori akavua viatu vyake akavipanga. Kijana wa forodha alisimama katikati, mikono nyuma, kama mwamuzi wa mpira, akilinda kila noti kwa macho, akisema, "Asiguse mtu! Wanaogusa ni wenye mali tu!" Mimi nimepiga magoti, mama mkwe amepiga magoti upande wa pili, tunageuza dola kama watu wanaoanika mihogo, hatutazamani.

"Umeniaibisha," akasema bila kunyanyua uso.

"Umenikojoleshea mtoto juu ya kiwanja changu."

"Si kiwanja bado."

"Kingekuwaje kiwanja kikishaoza?"

"Dola haiozi."

"Inanuka, mama."

Akainusa. Akaiweka chini. "Kidogo," akakubali.

Zilipokauka kijana akahesabu. Elfu tano kamili. Mama mkwe akaomba aingie chooni, akarudi na nyingine elfu tano, nazo zilikuwa zimenyooka na zina joto. Ikawa kumi.

"Bado tano," akasema kijana.

"Bado tano," nikasema mimi, nikimtazama mama mkwe.

Mama mkwe akalitazama kopo la senene nililoliweka mezani.

"Zako umebeba wewe mwenyewe," akaniambia. "Usiniangalie hivyo. Nilikwambia usifungue."

Nikafungua. Senene juu, jani la mgomba katikati, na chini ya jani, dola. Zilikuwa zimekolea mafuta na chumvi kila pembe. Kijana alizihesabu kwa ncha za vidole, na alipomaliza vidole viling'aa, akavitazama, akamtazama mwenzake, akalamba kimoja. "Wamekaangwa vizuri," akasema. Mama mkwe hapo hapo akafufuka. "Karibu, ssebo, karibuni! Onjeni!" Kopo likazunguka ofisini. Shemeji zangu hawakuwaona wale senene kamwe.

Akatuandikia ile fomu. Jina, namba ya hati, kiasi, aina ya fedha, zimetoka wapi, za nani, zinakwenda wapi. Akaambatanisha nakala ya risiti, akagonga muhuri, akatupa nakala. Na akamwambia mama mkwe, sasa bila kucheka: "Leo mmesema kabla sijawapekua. Tungewakuta nazo baada ya kukana, tusingekuwa tunakula senene. Zingeshikiliwa zote, na nyinyi mngepata kesi. Na hii karatasi ni ya huku. Ng'ambo ya daraja mtatangaza tena kwa wenzangu."

"Tena?"

"Nchi mbili, mama."

Tukavuka daraja kwa miguu. Maji chini yalikuwa mengi na ya udongo. Nilitegemea atanisema njia nzima. Badala yake alitembea mbele yangu, pochi kifuani, kichwa juu, na ile karatasi ameishika kama mtu anayepeleka cheti cha ubatizo. Mama mkwe wangu ana jambo moja ambalo lazima nilikiri ingawa sipendi kumsifu: akishaamini kitu, anaamini kwa mwili mzima. Tulipoingia ofisi ya Murongo hakungoja kuulizwa. Alisimama mlangoni akatangaza:

"Shikamooni! Nina dola! Elfu kumi na tano! Nimekuja kusema!"

Ofisi nzima iligeuka. Mkulima mmoja aliyekuwa na mkungu begani akaushusha ili asikie vizuri.

"Waitu, mama," akasema afisa, na kwa lile neno la heshima na kwa lafudhi nikajua ni Mhaya, nadhani wa Muleba. Alikuwa dada wa makamo, miwani puani. "Mambo ya fedha hatutangazi kwa kipaza sauti. Ingia huku ndani, ukae."

Tukaingia chumba cha ndani. Nikamweleza kwa ufupi. Akanusa noti, akanyanyua nyusi, hakuuliza. Akachukua fomu yake.

"Zaidi ya dola, mna fedha nyingine?"

"Hapana," nikasema.

Mama mkwe akajikuna shingo.

"Mama?"

"Zile si za kigeni," akasema.

"Zipi?"

"Za Uganda. Si za kigeni zile, ni za jirani." Akaingiza mkono kifuani, akatoa fungu la shilingi za Uganda lililokunjwa kama sambusa. Hizo hata mimi sikuzijua. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba alimuuzia ndugu yetu wa Mbarara asali.

"Zote zinaandikwa, mama. Dola, za Uganda, hata za kwetu. Tunajumlisha thamani yote."

"Na kule sikuziandika!" Akasimama. Uso ulimbadilika, alikuwa na hofu ya kweli. "Nirudi? Mukamwana, shika mtoto, narudi kumwambia yule kijana!"

Mchana ulikuwa unakwenda. Kiwanja kilikuwa kesho. Nilitaka kumshika gauni. Lakini alikuwa ameshatoka, na mimi nikabaki na mtoto mapajani na dola mezani mbele ya afisa aliyekuwa anafuta miwani.

"Ndivyo alivyo siku zote?" akaniuliza.

"Leo ndiyo siku yake nzuri," nikasema.

Akarudi anahema, fomu imesahihishwa, muhuri mwingine umegongwa pembeni ya masahihisho. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kitubioni. Akakaa. Afisa akaendelea: chanzo, maharage. Mwenye fedha, yeye. Kisha akauliza:

"Matumizi?"

"Kulipa wakulima," mama mkwe akasema.

Afisa akaandika. "Basi?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimeshasema ya kutosha siku hiyo, na fedha ilikuwa kwa jina lake, na akitaka kusema msimu ujao, angesema. Alinitazama naye. Kisha akaitazama karatasi, ule mstari uliobaki wazi, na kalamu ya dada wa Muleba ikingoja. Niliona anapigana. Si mimi niliyekuwa napigana naye. Alikuwa anapigana na ile karatasi. Alikuwa ametoka kurudi ng'ambo ya mto kwa ajili ya hela ya asali.

"Na kiwanja," akasema mwishowe, kama mtu anayetolewa mwiba.

"Kiwanja cha nani?"

"Cha huyu. Rubwera. Andika. Andika basi, kabla sijabadili mawazo!"

Dada akaandika. Akamgeuzia mama mkwe asaini. Akasaini, jina lote, na herufi ya mwisho akaivuta mpaka nje ya mstari.

Hatukupekuliwa, hatukukatwa, hatukulipa hata senti. Asubuhi ya Ijumaa tulikuwa benki mlango unafunguliwa. Karani aliuliza dola hizi zimetoka wapi, mama mkwe akaipiga nakala ya Murongo juu ya kaunta kama mchezaji karata mwenye ushindi. Karani akasoma, akaridhika. Noti tano alizikataa. "Hizi zina mafuta," akasema, "na hii sijui ina nini." Hatukumwambia. Mama mkwe akasema hasara ya noti hizo ni yake, na mimi sikubishana, kwa sababu ilikuwa yake. Tukatenga za wakulima kwanza, nusu yangu ya faida nikaondoka nayo.

Mwalimu mstaafu nilimkuta kwenye kiti nje ya duka, anamngoja mtumishi wa halmashauri ambaye alikuwa hajafika. Nikamlipa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Tukaandikishana. Nilipotia sahihi nilicheka peke yangu kwa furaha ya kipumbavu, watu wakanitazama. Sikujali. Nilitembea kwenye majani yangu kutoka kona moja mpaka nyingine, mtoto mgongoni, mkavu. Nilikuwa nimehama. Bado sina hata tofali, lakini nilikuwa nimehama.

Niliporudi kona ya kwanza nikamkuta mama mkwe. Alikuwa amevua kandambili, anapima ardhi kwa hatua zake, ameshachomeka vijiti vinne.

"Mama, unafanya nini?"

"Chumba changu," akasema, bila kusimama. "Nikija kumwona mjukuu nisilale sebuleni. Kaa upande huo, unaniharibia kipimo."